Ombi la Kupangiwa Upya Marejesho ya Mkopo wa Boti, Tawi la Lamu

Shee Athman na Khadija Omar
Mtaa wa Langoni
Lamu 80500

18 Mei 2025

Kwa Meneja wa Tawi,
Lamu

Bwana Meneja,

KUH: MKOPO NAMBARI LN-0417: KULIPA RIBA PEKE YAKE KWA MIEZI 6 NA KUONGEZEWA MUDA

Tunaomba mkopo wetu upangwe upya kabla ya rejesho la tarehe 5 Juni. Hadi leo hatuna malimbikizo: marejesho 20 yamelipwa, kuanzia Oktoba 2023 hadi tarehe 5 mwezi huu. Ila matatu ya mwisho tuliyajaliza kwa akiba, na akiba hiyo haifiki Juni.

Mkopo ulikuwa KSh 1,800,000 kwa miezi 48, riba ya asilimia 16 kwa mwaka juu ya salio linalopungua, rejesho KSh 51,012. Salio ni KSh 1,185,500, na yamebaki marejesho 28.

Kilichotokea ni hiki. Boti hii ya faiba, futi 27, ilitegemea nyumba mbili za wageni za Shela zilizotupa kazi ya kuchukua wageni uwanja wa ndege wa Manda. Mwisho wa Januari moja ilifungwa kwa ukarabati na nyingine ikanunua boti yake. Tumebaki na abiria wa gatini, ambao hawana hakika, na sasa kusi imeingia.

Mwaka jana boti iliingiza wastani wa KSh 236,000 kwa mwezi. Petroli ilikula 84,000, nahodha na baharia 45,000, matengenezo 14,000, bima, leseni na ada za gati 9,000. Tulibakiwa na KSh 84,000. Kuanzia Februari hadi Aprili mapato yameshuka hadi KSh 134,000. Safari zikipungua petroli nayo hupungua, hadi 47,000; baharia sasa tunamlipa kwa siku, kwa hiyo mishahara ni 36,000; matengenezo 9,000. Bima na leseni hazikupungua hata shilingi. Kinachobaki ni KSh 33,000. Nyumbani tumejibana hadi KSh 15,000, hivyo cha kulipia mkopo ni KSh 18,000. Pengo la KSh 33,012 kila mwezi, kwa miezi mitatu, limetoa KSh 99,036 kwenye akiba ya injini iliyokuwa na KSh 112,000. Zimebaki kama elfu 13.

Pendekezo letu:

Juni hadi Novemba 2025: riba peke yake, KSh 15,807 kwa mwezi, bila kupunguza deni la msingi.
Desemba 2025 hadi Mei 2029: marejesho 42 ya KSh 37,046 kila moja.

Hesabu ni yetu na mfumo wenu unaweza kutoa tofauti ya shilingi chache. Mkopo utakwisha Mei 2029 badala ya Septemba 2027, yaani miezi 20 zaidi. Tunajua bei yake: riba iliyobaki itapanda kutoka KSh 242,836 hadi KSh 465,274, nyongeza ya KSh 222,438. Tumeipima na tunaikubali.

Miezi sita hatukuitaja ovyo. Tumetia saini na nyumba ya wageni upande wa Manda. Kazi inaanza 1 Oktoba, malipo yasiyopungua KSh 40,000 kwa mwezi, na tukitoa petroli na gharama nyingine zinabaki 26,000. Lakini wao hulipa siku 30 baada ya ankara. Ankara ya Oktoba italipwa mwisho wa Novemba, kwa hiyo rejesho la kwanza ambalo fedha hizo zinaweza kulibeba ni la tarehe 5 Desemba. Mngetupa miezi minne, tungekwama kwenye rejesho la tano, tukarudi kwenu tena na ombi la pili, nalo ombi la pili huwa zito kwa pande zote mbili.

Kuanzia Agosti tutakuwa pia na safari ya asubuhi na jioni kwenda Mokowe kubeba wafanyakazi, inayobakiza KSh 9,000. Fedha za Agosti hadi Oktoba, KSh 27,000, zina kazi yake: pampu ya maji, zinki na sili za gia, jumla KSh 24,000. Sili zikichakaa maji ya chumvi huingia kwenye mafuta ya gia, na gia ikiharibika boti hailipi deni la mtu yeyote. Injini hiyo ndiyo dhamana yenu pia.

Desemba basi tutakuwa na 33,000 na 26,000 na 9,000, jumla KSh 68,000. Tukitoa ya nyumbani inabaki 53,000. Huenda mkauliza kwa nini tusirudie rejesho la zamani. Tungebaki na KSh 1,988 kwa mwezi, na kifaa kimoja tu kikivunjika tungechelewa. Kwa rejesho jipya zinabaki KSh 15,954, ambapo 10,000 zitarudi kwenye akiba ya injini kila mwezi. Mwezi wowote ambao kinachobaki kabla ya matumizi ya nyumbani na mkopo kitazidi KSh 90,000, nusu ya ziada tutaipeleka kwenye deni la msingi. Tunaomba isitozwe ada ya kulipa mapema.

Ikiwa taratibu zenu haziruhusu riba peke yake zaidi ya miezi mitatu, tunaweza hivi: KSh 15,807 Juni hadi Agosti, KSh 25,000 Septemba hadi Novemba, kisha KSh 36,173 kwa miezi 42. Septemba tutakuwa na KSh 27,000 tu za kulipia, na matengenezo yatabidi yasubiri. Linawezekana, lakini ni jembamba. La kwanza ndilo tunaloliomba.

Tunaomba hili lifanywe kwa nyongeza ya mkataba uliopo, tusifunguliwe mkopo mpya wa kulipia wa zamani, maana huo huleta ada mpya na usajili mpya wa dhamana. Kama ipo ada ya mabadiliko, tuilipe Desemba, isiongezwe kwenye salio. Bima ya mkopo ikirefushwa kwa miezi 20, tujulishwe kiasi kabla ya kutia saini. Tungependa pia kuthibitishiwa kwa maandishi kwamba tukilipa kwa ratiba mpya hatutaripotiwa CRB kama wenye malimbikizo.

Boti na injini zimethaminiwa mwezi uliopita kwa KSh 1,450,000. Salio ni kama asilimia 82 ya thamani hiyo. Usajili wa dhamana chini ya sheria ya mali inayohamishika ya 2017 unabaki ulivyo. Wadhamini wetu wawili wamekubali mabadiliko haya kwa barua, kwa sababu masharti yakibadilishwa bila wao dhamana yao inaweza kuleta ubishi baadaye.

Tumeambatisha taarifa za benki na M-Pesa za miezi 12, daftari la safari, barua za kusitishwa kazi kutoka nyumba zote mbili, mkataba wa Manda, ripoti ya thamani, cheti cha bima na barua za wadhamini.

Tunaomba jibu kufikia Ijumaa, 30 Mei, ili agizo la kudumu libadilishwe kabla ya tarehe 5. La sivyo mfumo utajaribu kukata KSh 51,012, utakosa, na faini itaanza kuhesabiwa. Likichelewa, tutaweka KSh 15,807 kwenye akaunti tarehe hiyo hiyo. Tuko tayari kufika ofisini siku yoyote asubuhi na daftari zetu.

Wako waaminifu,

Shee Athman, mkopaji
Khadija Omar, mkopaji mwenza