Masanduku, majiko na rula: upangaji mstari kwa njia ya grafu

Toeni karatasi ya grafu, penseli iliyochongwa vizuri na rula. Kalkuleta ibaki mfukoni kwa sasa. Wengi wenu mlikutana na upangaji mstari, ile hesabu ya kutafuta faida kubwa kabisa chini ya masharti, mkiwa Kidato cha Nne, mkachora, mkapata alama zenu, mkasahau. Leo tunarudi palepale, na swali letu si jibu ni ngapi. Swali ni kwa nini jibu linakaa kwenye kona, na ni nini kinachoweza kulihamisha hapo.

Mfano wetu uko hapa hapa Kisumu. Chukueni karakana ya jua kali pale Kibuye, mwenyewe ni mama mmoja aliyeajiri mafundi watatu. Wanatengeneza vitu viwili: masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, na majiko ya makaa yenye udongo ndani. Takwimu nimezitunga mimi, lakini ukipita Kibuye asubuhi ukasikia nyundo zinavyogonga, utaona hazijaenda mbali na ukweli.

Kila fundi anafanya kazi saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Watu watatu, basi saa 144. Bati zinazopatikana kwa wiki ni 40. Sanduku moja linakula bati zima na saa 2 za kazi. Jiko linakula nusu bati, lakini linataka saa 3, maana kukunja bati duara, kukaza udongo na kuujazia saruji ni kazi ya uangalifu. Huo udongo wa ndani unatoka kwa wafinyanzi, nao hawaleti zaidi ya 40 kwa wiki. Faida ni shilingi 600 kwa sanduku na 500 kwa jiko, baada ya kutoa gharama ya vifaa. Mshahara wa mafundi hatujautoa humo kwa sababu wanalipwa kwa wiki, wawe na kazi wasiwe nayo. Shikeni hilo la mshahara, tutalihitaji mbele.

Ukimuuliza mtu haraka, atakwambia: sanduku lina faida kubwa, tengeneza masanduku tu. Bati 40 ni masanduku 40, shilingi 24,000. Ni jawabu la mtu mwenye akili timamu, na ni jawabu baya. Masanduku hayo yanamaliza saa 80 tu. Mafundi wanabaki na saa 64 za kupiga soga kwenye kivuli, na mshahara wanapokea.

Tuandike. Vigeu ni viwili: x ni idadi ya masanduku kwa wiki, y ni idadi ya majiko. Si "x ni masanduku". Nasisitiza neno idadi kwa sababu kila mwaka nasahihisha karatasi ambazo x ni sanduku mwanzoni, ni bati katikati, na mwishoni ni pesa. Bati nitalihesabu kwa nusu ili tusisumbuke na sehemu: nusu 80, sanduku linachukua nusu 2, jiko nusu 1.

```
Ongeza    F = 600x + 500y
Masharti  2x +  y <= 80     (nusu bati)
          2x + 3y <= 144    (saa za kazi)
                y <= 40     (udongo wa ndani)
          x >= 0,  y >= 0
```

Sharti la mwisho linaonekana la kitoto, kwani nani atatengeneza masanduku hasi matano? Lakini karatasi ya grafu haijui hilo mpaka uiambie.

Sasa tuchore. Sentimita moja iwe vitu 10 kwenye mihimili yote miwili, tufike 80 kila upande. Kwa mstari wa bati, weka x iwe sifuri, y inakuwa 80. Weka y iwe sifuri, x inakuwa 40. Unga nukta hizo mbili. Mstari wa saa unakata mhimili wa y kwenye 48 na wa x kwenye 72. Wa udongo umelala mlalo, urefu wa 40.

Kila mstari unagawa karatasi pande mbili. Upande upi tunautaka? Jaribu nukta (0, 0). Karakana iliyofungwa haitumii bati wala saa, kwa hiyo inatii masharti yote, na upande wake ndio wetu. Shuleni mlizoea kupaka penseli eneo lisilotakiwa ili linalotakiwa libaki jeupe. Endeleeni hivyo hivyo. Vitabu vingine vinafanya kinyume, na mtu akichanganya mitindo miwili kwenye grafu moja hata mimi nashindwa kumwokoa.

Kilichobaki cheupe ndilo eneo linalokubalika. Lina kona tano: (0, 0), (40, 0), ile mistari ya bati na saa inapokatana, (12, 40) na (0, 40). Kila nukta ndani yake ni mpango wa wiki ambao mama huyu anaweza kuutekeleza. Nje yake kuna kitu kitapungua.

Sasa ile sehemu ninayoipenda. Chukua faida yoyote iliyo rahisi kuchora, tuseme shilingi 15,000. Mstari 600x + 500y = 15000 unapita (25, 0) na (0, 30). Mipango yote iliyo kwenye mstari huo inaleta pesa ileile. Laza rula juu yake, kisha isukume polepole kuelekea juu kulia bila kuipindua, iwe sambamba na ilipoanza. Mkono ukitetemeka, tegemeza rula kwa seti-skwea. Faida inapanda kila milimita. 20,000. 24,000, na hapo rula imegusa (40, 0), lile jawabu letu la haraka, ila bado kuna eneo jeupe mbele yake. Endelea. Eneo linazidi kuwa jembamba mbele ya rula, mpaka linabaki ncha moja tu, na ukisukuma tena unatoka nje.

Ile ncha ndiyo jibu. Tazameni kilichoifanya iwe ya mwisho: rula imenyooka, na kuta za eneo zimenyooka. Vitu viwili vilivyonyooka haviwezi kuachana katikati ya ukuta, isipokuwa viwe sambamba kabisa, na hapo ukuta mzima unafungana pamoja na kona zake. Ndiyo maana tunaruhusiwa kukagua kona peke yake na kusahau nukta zote za ndani. Njia ya simpleksi aliyoivumbua George Dantzig mwaka 1947 inasimama juu ya jambo hilohilo: inatembea kutoka kona hadi kona jirani iliyo bora, hata pale vigeu vinapokuwa mamia na hakuna karatasi ya kuvichorea. Miaka tisa kabla yake, 1938, Leonid Kantorovich kule Leningrad alikuwa ameshakabili tatizo la aina hii alipoombwa msaada na watengenezaji wa plaiwudi waliotaka kugawa kazi kwa mashine zao. Kumbe hata hesabu hii imezaliwa karakanani.

Kona yetu ni ipi hasa? Hapa pana mtego. Wengine mtaisoma kwa macho na kuandika (25, 31). Piga faida: 15,000 na 15,500, jumla 30,500. Nzuri kuliko jibu la jirani yako, kwa hiyo unajiona umempiku. Kagua bati: 50 na 31 ni 81. Tuna 80. Umemuahidi mama wa watu jiko ambalo bati lake halipo. Grafu inakuonyesha ni kuta zipi zinakutana. Nambari zenyewe zipate kwa kutatua milinganyo. Toa 2x + y = 80 kutoka 2x + 3y = 144, unabaki na 2y = 64. Majiko 32, masanduku 24. Faida 14,400 na 16,000, yaani shilingi 30,400. Kona ya (12, 40) inaleta 27,200, na (0, 40) inaleta 20,000.

Wenye kompyuta mnaweza kuhakikisha hivi:

```python
from scipy.optimize import linprog
r = linprog([-600, -500],
            A_ub=[[2, 1], [2, 3], [0, 1]],
            b_ub=[80, 144, 40])
print(r.x, -r.fun)
```

Alama za kutoa zipo kwa sababu `linprog` inatafuta kiasi kidogo kabisa, nasi tunataka kikubwa.

Turudi karakanani. Bati limeisha, saa zimeisha, udongo wa ndani umebaki 8. Mfinyanzi akija na bei nafuu ya kuongeza udongo, ajibiwe asante, siku nyingine. Lakini fundi akisema yuko tayari kubaki saa moja zaidi, je? Weka 145 badala ya 144: y inakuwa 32.5, x inakuwa 23.75, faida 30,500. Saa moja imeleta shilingi 100. Mshahara haukuwa umetolewa kwenye faida, kwa hiyo malipo ya ziada yoyote chini ya 100 kwa saa yana maana. Hesabu hiyo inashika kwa saa 16 za kwanza tu. Zikifika 160 majiko yanakuwa 40 na udongo wa ndani nao unaisha. Nusu bati ya ziada nayo inaleta 200, ila hiyo 200 ni juu ya bei ya kawaida ya bati, maana bei hiyo tulishaitoa. Hapo ndipo wengi hujikwaa kwenye mtihani.

Na robo tatu ya sanduku? Ikibaki haijamalizika Jumamosi, inamaliziwa Jumatatu. Lakini kama kila wiki lazima ifungwe na vitu kamili, usizungushe nambari ukaridhika. Rudi ukague masharti.

Mwisho, Januari. Shule zinafunguliwa, wazazi wamejaa Kibuye, faida ya sanduku inapanda. Rula inasimama wima zaidi. Ikifika 1,000 inalala juu ya mstari wa bati wenyewe: (24, 32) na (40, 0) zote zinaleta 40,000. Ikipita hapo, tuseme 1,100, lile jawabu la haraka tulilolicheka linageuka kuwa sahihi: 44,000 dhidi ya 42,400.

Kazi ya Alhamisi, tukiwa tumerudi kwenye faida ya 600 na 500. Mteja wa Ahero anataka majiko yasiyopungua 36 kila wiki. Chora sharti hilo jipya, tafuta kona mpya, kisha umshauri mama: adai shilingi ngapi zaidi kwa wiki kabla hajakubali? Mje na grafu zenu. Picha ya grafu ya jirani kwenye simu siipokei.