YAH: WADUDU KWENYE MAHINDI, PICHA 4 ZIMEAMBATANISHWA

Bwana shamba, shikamoo.

Picha hizi nimepiga leo alfajiri shambani kwangu hapa Urambo, ekari 2, mahindi ya wiki 5. Mbili za kwanza ni majani yaliyotobolewa na moyo wa mmea uliojaa kinyesi kama unga wa mbao. Ya tatu ikuze uitazame vizuri: kiwavi ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, na karibu na mkia madoa 4 meusi yamekaa kama pembe za mraba. Nahofia ni viwavijeshi vamizi. Ya nne ni mistari yote ilivyo.

Nimekagua mashina 20, 9 yameliwa. Nawaokota jioni kwa mkono, lakini wengi wamejichimbia ndani. Naomba uje wiki hii, uniambie dawa na kipimo.

Mama Neema