Mashine ya Kufulia ya Mapipa Mawili, Kilo 4.5: Maelekezo Yaliyofasiriwa kutoka Kijapani

Yamefasiriwa kutoka picha 9 za kijitabu, kwa nyumba ya Kikwajuni. Maneno ya mfasiri yamo ndani ya mabano ya mraba. "Pipa la kufulia" ni la kushoto, "pipa la kukamulia" ni la kulia. Majina hayo hayabadiliki hadi mwisho. Katika kijitabu maonyo yamechanganyika na maelezo ya kawaida. Hapa yametangulizwa yote.

ONYO (kifo au majeraha makubwa)

Tumia umeme wa volti 100 tu. [Soketi zetu ni volti 230. Ukichomeka moja kwa moja, mota itaungua na moto unaweza kuwaka. Weka transfoma ya kushusha umeme, ya vati 1000: lebo ya nyuma inasema vati 190, lakini mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo. Transfoma ikae juu, mbali na maji.]

Usitie mkono ndani ya pipa la kukamulia mpaka lisimame kabisa, hata likizunguka polepole. Nguo hujisokota kwenye vidole na kuvivunja. Ukifungua mfuniko na pipa lisisimame ndani ya sekunde 15, breki imekwisha: chomoa plagi, ita fundi.

Nguo iliyoingia petroli, mafuta ya taa au tina isitiwe kwenye pipa lolote, hata ikiwa imeshasuuzwa. Mvuke wake hulipuka.

Waya wa ethi usifungwe kwenye bomba la gesi. Plagi isishikwe kwa mikono yenye maji.

TAHADHARI (majeraha madogo au uharibifu)

Usikamue koti la mvua wala kitambaa chochote kisichopitisha maji. Maji hunaswa ndani, pipa huelemea upande mmoja ghafla, na mashine inaweza kuanguka.

Maji yasizidi nyuzi 50.

MATUMIZI

Laza mpira wa kutolea maji chini kabla ya kuwasha. Ukiinuliwa juu, maji hayatoki. Jaza pipa la kufulia hadi alama ya juu, lita 36. Sabuni ya unga gramu 25. [Hiyo ni sabuni ya povu dogo. Ya kufulia kwa mkono tia nusu, la sivyo povu litamwagika sakafuni.] Taima: dakika 6 nguo nyepesi, 12 kanga na mashuka, 15 jinzi.

Hamishia nguo kwenye pipa la kukamulia, uzipange sawa kuzunguka ukuta, kisha ziwekee kifuniko cha ndani cha plastiki. Bila hicho nguo huruka na kunasa chini ya pipa. Kamua dakika 3. Likigongagonga, zima na upange upya. Kuongeza dakika hakusaidii.

Rudisha nguo kwenye pipa la kufulia, suuza kwa maji mapya mara mbili, kamua tena.

Toa chujio la nyuzi kila baada ya kufua. [Picha ya ukurasa 7 imemezwa na mwanga wa fleshi; mistari miwili kuhusu chujio haikufasiriwa.]