Ng'ombe wa Minza

Mchezo wa redio wa dakika kumi

WAHUSIKA
MAYALA, mkulima wa pamba na mfugaji
MAMA MINZA, mkewe
MINZA, binti yao mkubwa, miaka 20, amerudi nyumbani na watoto wawili
KABULA, miaka 14, amemaliza darasa la saba
SHIJA, mshenga
MKUU WA SHULE, mwanamke
KIJANA wa bodaboda

MAHALI: kijiji wilayani Kishapu, mkoa wa Shinyanga, mwezi Desemba.

Kwa waigizaji: Mayala asichezwe kama mjinga wala mkatili. Ni mtu mwenye hesabu zake, na nyingine ni za kweli. Shija naye achekeshe, ila asiwe kikaragosi; kila kijiji kina Shija wake na tunamsalimia vizuri tu.

ONYESHO LA KWANZA

SAUTI: Uani. Kengele za ng'ombe. Mbuzi. Mtu anapiga hodi.

SHIJA: Hodi hapa! Mwangaluka!

MAYALA: Mwangaluka. Karibu, Shija. Kabula! Lete kigoda.

KABULA: Shikamoo, baba Shija.

SHIJA: Marahaba, mwanangu. Umekua! (Kabula anaondoka. Sauti inashuka.) Mayala, sipotezi muda. Yule bwana wa duka la mbegu na dawa za pamba amenituma tena. Amepanda mpaka ng'ombe kumi na watano.

MAYALA: Kumi na watano?

SHIJA: Na mtamba mmoja nimekuja naye, nimemfunga pale kwenye mkwaju. Huyo ni wa kufungulia mdomo tu. Hahesabiwi.

MAYALA: (anaguna) Mtoto ameitwa kidato cha kwanza. Jina lake limebandikwa pale shuleni, kila mtu ameliona.

SHIJA: Majina yanabandikwa kila mwaka. Wangapi wamefika kidato cha nne? Sikulazimishi. Mtamba mwache alale hapa, nitapita wiki ijayo.

SAUTI: Ng'ombe analia. Muziki mfupi.

ONYESHO LA PILI

SAUTI: Usiku. Mvua juu ya bati. Mtoto mchanga analia, anabembelezwa.

MAMA MINZA: Baba Minza, umelala?

MAYALA: Nitalalaje na hiyo mvua?

MAMA MINZA: Nakuuliza kitu kimoja. Ng'ombe wa Minza wako wapi?

MAYALA: Wa Minza? Si wamo zizini.

MAMA MINZA: Mimi ndiye ninayekamua, nionyeshe hata mmoja. Walikuja kumi. Wawili walikufa kwa ndigana mwaka uleule. Watatu ukawatoa mahari Masanja alipooa. Mmoja tuliuza ule mwaka wa ukame, tukanunua mahindi. Wangapi hao?

MAYALA: Sita.

MAMA MINZA: Wakabaki wanne. Mumewe alipomvunja mkono, Minza akarudi, wazee wakakaa, wakasema rudisheni walio hai. Ukawaswaga wewe mwenyewe, wote wanne, ukarudi na fimbo mkononi. Zizini hakuna kitu cha Minza. Kilichobaki ni Minza mwenyewe, na hawa wajukuu wawili wanaolia hapa.

MAYALA: (kwa hasira) Kwa hiyo nilimuuza mwanangu, ndivyo unavyosema?

MAMA MINZA: Nahesabu ng'ombe tu.

SAUTI: Mvua. Mayala anakohoa.

MAYALA: Na mimi nihesabu. Shule iko kilomita tisa. Anaondoka saa kumi na moja alfajiri, giza. Korongo likijaa anasubiri ng'ambo, na nani? Wale vijana wa pikipiki. Leo lifti, kesho chipsi, keshokutwa tumbo. Mabinti wangapi wa kijiji hiki wamerudi hivyo? Nikose shule, nikose na ng'ombe, na watu wanicheke. Wewe hilo hulioni?

MAMA MINZA: Naliona. Hiyo njia umeshawahi kuipita?

MAYALA: Nina kazi gani huko mimi?

MAMA MINZA: Basi kesho nenda. Kama humpeleki, kamwambie mkuu wa shule kwa mdomo wako. Usimtume mtoto.

ONYESHO LA TATU

SAUTI: Alfajiri. Jogoo kwa mbali. Hatua kwenye matope, mbili mbili.

MAYALA: Tangulia, nifunge hii katambuga, imekatika mkanda.

SAUTI: Hatua za Kabula zinasonga mbele. Pikipiki inakuja nyuma, inapunguza mwendo, inasimama. Injini inaendelea.

KIJANA: Mrembo, mambo? Hilo tope utalimaliza saa ngapi? Panda.

KABULA: Sina hela.

KIJANA: Nani amekudai hela? Nakupeleka mpaka getini. Jioni nakufuata. Hata vocha nakuwekea.

KABULA: Nimesema siendi na wewe.

KIJANA: Wanaanzaga hivyohivyo wote. (anacheka) Mwezi wa pili utapanda mwenyewe.

MAYALA: (kwa mbali, anapaza sauti) Wewe! Mwezi wa pili atapanda nini?

KIJANA: Aa... shikamoo mzee. Nilikuwa nauliza njia.

SAUTI: Pikipiki inaondoka kwa kasi. Mayala anakuja mbio, anahema.

MAYALA: Umeona? Umeona sasa! Hiki ndicho ninachomwambia mama yako. Geuka, turudi nyumbani. Shule imekwisha hapa hapa.

KABULA: Baba.

MAYALA: Nimesema geuka!

KABULA: Baba, yule bwana wa duka la dawa, unajua aliniona wapi mara ya kwanza?

MAYALA: Dukani kwake.

KABULA: Ni hapa. Nilikuwa darasa la saba, tumetoka gulioni na mama mdogo. Alisimamisha pikipiki, akasema panda. Maneno yaleyale. Nilipokataa ndipo akamtafuta baba Shija.

SAUTI: Kimya. Ndege. Maji ya korongo.

MAYALA: Yaleyale?

KABULA: Hata la vocha. Yule umemfukuza kwa fimbo. Huyu umemfungia mtamba kwenye mkwaju. Tofauti yao ni ng'ombe, baba.

SAUTI: Kimya kirefu kuliko kile cha kwanza. Mtayarishaji asiweke muziki hapa.

MAYALA: Hili korongo, likijaa, maji yanafika wapi?

KABULA: Mwaka jana yalifika pale kwenye alama ya matope, juu ya mizizi.

MAYALA: Pale? (anatembea) Nipe mkono. Tukavuke.

ONYESHO LA NNE

SAUTI: Ofisi. Watoto wanafagia nje. Kiti kinasogezwa.

MKUU WA SHULE: Karibu, mzee wangu. Umeleta fomu ya Kabula?

MAYALA: Nimeileta, haijajazwa. Mwalimu, nilitoka nyumbani nije kukwambia hapana.

MKUU WA SHULE: Na sasa?

MAYALA: Sasa nimeona njia. Sijui niseme nini.

MKUU WA SHULE: Kuna mtu ameleta posa?

MAYALA: (anasita) Watu hawakosi.

MKUU WA SHULE: Basi nikwambie mapema, usije ukasema hukuambiwa. Sheria ya elimu ilirekebishwa 2016. Anayemuoa mwanafunzi, miaka 30 jela.

MAYALA: Huyo ni aliyeoa. Mimi ni mzazi.

MKUU WA SHULE: Anayesaidia ndoa hiyo naye ana kesi yake. Mzazi, mshenga, wote.

MAYALA: Mwalimu, mimi usinitishe na jela. Mtu akitaka kuoza anaozea kwa shangazi wilaya nyingine, na hamjui. Niambie kitu kimoja tu: mtoto atalala wapi? Kilomita tisa, na korongo, siwezi.

MKUU WA SHULE: (anacheka kidogo) Wazazi wengi huniuliza ada.

MAYALA: Ada najua imefutwa.

MKUU WA SHULE: Tangu 2016 mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka cha sita. Lakini sikufichi, sare ni yako, viatu ni vyako, na madaftari. Kuhusu kulala: wazazi wa vijiji vya mbali walifyatua tofali wenyewe, tuna hosteli ya wasichana. Kuna matroni na mlango wa chuma. Kila mzazi analeta chakula: mahindi debe tatu na maharage debe moja kwa muhula. Nafasi zimebaki nne.

MAYALA: Matroni analala humohumo?

MKUU WA SHULE: Humohumo. Funguo anazo yeye.

MAYALA: Nataka kumwona.

MKUU WA SHULE: Matroni?

MAYALA: Na mlango.

SAUTI: Kiti. Hatua. Mlango wa chuma unafunguliwa, unafungwa, unafunguliwa tena, unafungwa tena.

MAYALA: Hili komeo la chini limelegea. Nina nyundo nyumbani, nitakuja kulikaza. Kabula! Leta kalamu hapa. Hiyo fomu inasainiwa wapi?

ONYESHO LA TANO

SAUTI: Jioni, nyumbani. Simu inaita.

MAYALA: Haloo, Shija. Ndiyo. Hapana, usije wiki ijayo, njoo kesho. Njoo na kamba. (anasikiliza) Mtamba mzima kabisa, amenenepa hata. Mrudishie mwenyewe. (anasikiliza) Aibu ya nani? Kama anaona aibu, mwambie anipigie mimi, namwita na mkuu wa shule, tuzungumze watatu kuhusu miaka 30. (anasikiliza) Haya. Na Shija, wewe una binti darasa la sita. Nafasi za hosteli ni chache, fikiria mapema.

SAUTI: Simu inakatwa. Vyombo vinaoshwa.

MAMA MINZA: Umemwambia?

MAYALA: Umesikia mwenyewe, masikio yako yalikuwa mlangoni. Debe tatu za mahindi tunazo?

MAMA MINZA: Mbili. Ya tatu tutauza kuku.

MAYALA: Uza jogoo, ananiamsha bure.

MINZA: Baba.

MAYALA: Sema, mama.

MINZA: Mwalimu hakusema lolote kuhusu watu wakubwa?

MAYALA: Watu wakubwa gani?

MINZA: Kama mimi. Niliishia darasa la saba. Kuna watu wanasoma nje ya shule, wanafanya mtihani wa QT, ule wa kufuzu, halafu ndipo wanafanya wa kidato cha nne. Nimesikia redioni.

MAYALA: Minza, una watoto wawili.

MINZA: Na wewe ulikuwa na sisi watano bwana shamba alipokuja kukufundisha kupanda pamba kwa mistari. Ulikwenda na daftari.

MAMA MINZA: (anacheka) Daftari lenyewe bado lipo.

MAYALA: Hiyo ni pamba.

MINZA: Ndiyo, baba.

SAUTI: Mtoto anaanza kulia. Minza anasimama.

MAYALA: Kaa. Mlete huku, nimshike mimi. (mtoto ananyamaza) Huo mtihani, wanaandikishia wapi?

MWISHO