Ratiba ya marudio: wiki 3 kabla ya mtihani

Mdogo wangu, bandika hii ukutani, juu ya meza.

Una karatasi 12 za muhtasari: Biolojia 5, Kemia 4, Historia 3. Zipe namba, ukichanganya masomo. Jumatatu ndiyo siku ya 1. Kila siku soma karatasi moja mpya hadi siku ya 12, kisha kila moja uirudie baada ya siku 1, siku 3 na siku 7. Kwa mfano, siku ya 8 unasoma namba 8 na kurudia 7, 5 na 1. Dakika 20 kwa kila karatasi, saa 11 alfajiri, kabla matatu za Kondele hazijaanza kupiga honi.

Kurudia si kusoma tena! Najua unavyopenda kupaka rangi ya njano kila mstari ukidhani umeelewa. Geuza karatasi, andika maswali nyuma: "Meiosisi hutoa seli ngapi?" "Reli ilifika Kisumu mwaka gani?" Jibu kwa kalamu bila kuchungulia, ndipo ugeuze. Ukiandika 1903 badala ya 1901, weka alama nyekundu. Swali hilo lirudi kesho yake, hata kama ratiba haisemi.

Siku ya 16 hadi 19 una karatasi moja tu kwa siku. Muda unaobaki fanya mitihani ya nyuma. Siku ya 20 na 21 ni za alama nyekundu pekee. Stima ikipotea, taa ya sola iko kwa mama.