Linauzwa: friji la milango miwili, lita 260, lililokarabatiwa – Mtwara Mjini, Sh. 480,000

Friji hili si jipya, na bei yake imepangwa kwa kuzingatia hilo. Ni la milango miwili, friza ikiwa juu, na kibati cha nyuma kinaonyesha kwamba lilitengenezwa mwaka 2016, linatumia gesi ya R134a na umeme wa volti 220 hadi 240. Kibati hicho kimepigwa picha ya tatu katika tangazo hili ili mnunuzi asome mwenyewe chapa, modeli na namba ya friji. Tunaomba pia aitazame herufi T iliyoandikwa hapo. Maana yake ni kwamba friji limeundwa kufanya kazi hata joto la chumba likifika nyuzi 43, ilhali mafriji mengi ya mtumba yanayotoka nchi za baridi yana herufi N, ambayo mwisho wake ni nyuzi 32. Kwa nyumba ya bati hapa Mtwara mwezi wa Desemba, tofauti hiyo ni kubwa kuliko ukubwa wa lita.

Tulilinunua kwa familia moja ya Mikindani iliyokuwa ikihama, likiwa haligandishi kabisa. Waliwahi kujaziwa gesi mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na mara zote mbili baridi ilirudi kwa wiki chache kisha ikapotea. Hapa inatubidi tueleze jambo ambalo wateja wengi hawajawahi kuambiwa: gesi ya friji haiishi kama mafuta ya pikipiki. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua, basi kuna tundu. Fundi anayejaza gesi bila kutafuta tundu anamuuzia mteja wiki chache za baridi.

Tundu la friji hili lilikuwa kwenye kondensa, yaani yale mabomba membamba ya nyuma, ambayo yalikuwa yameliwa na kutu kwa hewa ya chumvi, kwa kuwa friji lilikaa miaka mingi karibu na dirisha linalotazama bahari. Hatukuziba tundu hilo. Tulitoa kondensa yote na kufunga mpya, tukabadilisha na filta, kwa sababu mfumo uliokaa wazi huingiza unyevu na filta ya zamani haiwezi tena kuunyonya. Baada ya kuchomelea viungo, tulijaza nitrojeni kwa shinikizo la psi 150 na kuiacha saa 24. Mshale wa geji haukushuka. Ndipo tulipovuta hewa kwa pampu kwa dakika 45, kisha tukajaza gramu 120 za gesi kwa kupima kwenye mizani, kama kibati kinavyoagiza. Gesi ikizidi, kompresa huumia; ikipungua, haipumziki.

Vitu vingine vipya ni themostati, relei ya kuwashia kompresa, mpira wa mlango wa chini na plagi ya pini tatu. Kompresa ni ile ile ya kiwandani. Tuliipima ikavuta ampea 0.8 inapofanya kazi, nayo ni ya kawaida kwa ukubwa wake, na kipimo cha kuangalia kama umeme unavuja kwenda kwenye bodi kilisoma zaidi ya megaomu 20 kwa volti 500. Kwa lugha nyepesi, bodi halipigi shoti.

Baada ya hapo friji lilijaribiwa kwa saa 72 mfululizo ndani ya karakana, ambamo joto la mchana lilikuwa nyuzi 31. Likiwa tupu, friza ilifika nyuzi 18 chini ya sifuri baada ya saa 3 na dakika 20, na sehemu ya chini ikafika nyuzi 4. Usiku wa kwanza tuliweka chupa tano za maji za lita moja na nusu ndani ya friza, na asubuhi zote zilikuwa barafu hadi katikati. Siku ya pili tulizima umeme kwa makusudi kwa saa nne bila kufungua mlango. Friza ikiwa na zile chupa ilipanda hadi nyuzi 9 chini ya sifuri, kwa hiyo samaki waliokwisha kuganda wasingeyeyuka. Kwa saa zote 72 mita ilihesabu uniti 4.6, yaani takriban uniti moja na nusu kwa siku. Karatasi ya vipimo hivi ipo, na mnunuzi atapewa nakala.

Sasa tofauti na friji jipya. Kompresa imekwisha kufanya kazi miaka kadhaa, na hakuna kipimo kinachoweza kusema imebakiza miaka mingapi. Povu la ndani ya kuta, linalozuia joto, huzeeka, hivyo friji jipya la ukubwa huu lingetumia umeme kidogo zaidi. Mlango wa juu una mkwaruzo wa urefu wa kiganja, na mguu mmoja wa mbele ulikuwa na kutu, tukausugua na kuupaka rangi. Sehemu nyingine hatukupaka, kwa kuwa rangi mpya huficha mengi na tungependa mnunuzi aone bodi kama lilivyo. Droo moja ya mboga haipo. Dhamana ya kiwanda ilikwisha zamani, kwa hiyo dhamana pekee ni yetu.

Dhamana hiyo ni miezi sita kwa kompresa, mabomba na gesi, na miezi mitatu kwa themostati, relei na mpira wa mlango, kuanzia tarehe ya risiti. Baridi ikipotea ndani ya muda huo, tunatengeneza bila malipo ya vifaa wala ufundi. Tatizo lile lile likirudi mara ya pili, mnunuzi anachagua kurudishiwa fedha zake zote au kupewa friji jingine la thamani hiyo. Kwa walio Mtwara Mjini na Mikindani fundi anafika nyumbani. Kwa wa Lindi, Masasi na Newala ufundi na vifaa ni bure, lakini nauli ya fundi au usafiri wa friji ni wa mnunuzi, na tunalisema mapema ili lisije likaleta maneno baadaye.

Dhamana haihusu bomba lililotobolewa kwa kisu wakati wa kubandua barafu, wala kompresa iliyoungua kwa sababu friji limechomekwa moja kwa moja ukutani. Ndiyo maana bei imejumuisha friji gadi, ambayo hukata umeme ukishuka au ukipanda kupita kiasi, na umeme ukirudi husubiri dakika kadhaa ili shinikizo ndani ya mabomba lisawazike kabla kompresa haijawaka. Mwenye biashara ya kuuza barafu au kuhifadhi pweza wengi kwa wakati mmoja tunamshauri atafute friza kubwa. Hili ni friji la nyumbani na kazi hiyo italichosha.

Lisafirishwe likiwa limesimama. Likilazimika kulazwa, lisimame saa 24 kabla ya kuwashwa.

Friji lipo karakanani Chikongola, limewashwa, na mnunuzi anakaribishwa kuja na fundi wake na kipimo chake. Tunafungua saa 2:30 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, isipokuwa Ijumaa tunapofunga saa 6 hadi saa 8 mchana kwa ajili ya swala. Bei inapungua kwa Sh. 20,000 kwa mwenye friji gadi yake iliyo nzima. Atakayelipa nusu tutamhifadhia kwa siku saba, na akighairi ndani ya siku hizo anarudishiwa fedha yote.