Majibu ya vipimo vya Baba, someni taratibu hadi mwisho

Shangazi shikamoo, Dada na Kaka habari za huko.

Nimeona bora niandike barua moja ndefu kuliko kujibu mesenji za kila mtu peke yake, maana tangu juzi nilivyowatumia picha ya karatasi ya majibu simu haijatulia, Dada analia, Kaka anauliza dayalisisi inaanza lini, na Shangazi kaambiwa na mtu kwamba figo moja imekufa. Hamna figo iliyokufa na hamna dayalisisi kwa sasa. Hali si nzuri, hilo siwafichi, ila sio hiyo mnayoiwaza. Kosa ni langu kutuma picha bila maelezo, nisameheni. Baba mwenyewe kanipa ruhusa niwaeleze kila kitu, kasema hataki kufichiwa wala kufichwa.

Kwanza hili la namba maana ndo lilozua kelele. Huko kwa Dada wanapima sukari kwa miligramu, huku karatasi yetu inasoma milimoli, kwa hiyo Dada aliposoma sukari ya Baba ni 9.8 akadhani imeshuka mno, wakati kwa kipimo cha kwao hiyo ni kama 176. Ukitaka kugeuza unazidisha mara 18. Na ile kreatinini 148 ambayo Kaka alisema "haiwezekani, ya rafiki yangu ilikuwa 1.2" ni hivohivo, ukigawanya kwa 88.4 unapata kama 1.67. Iko juu, ndio, ila sio mara mia.

Sasa sukari. Hiyo 9.8 ni ya asubuhi kabla hajala, mtu asiye na kisukari anakuwa chini ya 5.6, na kuanzia 7 kwenda juu ndo wanaita kisukari. Lakini kipimo ambacho daktari alikikazia macho ni HbA1c, imesoma asilimia 8.9. Hii haipimi sukari ya siku hiyo, inapima sukari iliyong'ang'ania kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe zinaishi kama siku 120, kwa hiyo inakupa picha ya miezi miwili mitatu iliyopita. Nawaambia hili kwa sababu Baba alijibana sana siku nne kabla ya kwenda kupima, anakula kidogo, anatembea asubuhi na jioni, akidhani majibu yatatoka mazuri. Daktari akamwambia kwa upole kabisa, mzee hiki kipimo hakidanganyiki. Hiyo 8.9 maana yake sukari yake kwa wastani imekuwa inacheza kwenye 11 na kitu usiku na mchana. Baba aliinamisha kichwa, akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "sasa tunafanyaje?" Nilifurahi aliposema tunafanyaje na sio basi tena.

Figo ndo inataka maelezo zaidi. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, figo kazi yake mojawapo ni kuitoa, zikichoka inabaki kwenye damu. Ila yenyewe peke yake haitoshi, wanaichukua pamoja na umri na jinsia wanapiga hesabu wanapata eGFR, yaani figo zinachuja kiasi gani kwa dakika. Ya Baba ni 44. Kijana mzima anakuwa 90 na zaidi, na umri ukienda inashuka yenyewe kidogokidogo, sasa Baba ana miaka 67 kwa hiyo hata angekuwa mzima asingekuwa na ya kijana, lakini 44 ni chini ya inavyotakiwa. Wanaita hatua ya 3b, kati ya hatua tano. Dayalisisi huwa wanaanza kuifikiria ikishuka chini ya 15, na hata hapo wanaangalia mtu anajisikiaje. Miezi mitatu iliyopita ilikuwa 47. Daktari alisema kushuka kwa tatu inaweza kuwa mabadiliko tu ya kawaida ya kipimo, ila kwa kuwa mara zote mbili iko chini na miezi mitatu imepita, hawezi kusema ni homa au maji yalipungua mwilini, ni ugonjwa sugu wa figo. Ultrasaundi imeonyesha figo zote mbili zipo, saizi nzuri, hamna jiwe wala kitu kimeziba. Shangazi hapo naomba utulie, zote mbili zipo.

Kilichonishtua mimi zaidi ni mkojo, na sijui kwa nini hakuna aliyeniuliza. ACR yake ni 38, kawaida ni chini ya 3. Ile ni protini inavuja. Figo ni kama chujio, sukari na presha zikikaa juu miaka mingi matundu yanaharibika, protini ambayo ilitakiwa ibaki kwenye damu inatoka. Baba alikuwa ananiambia tangu mwaka jana kwamba mkojo wa asubuhi unatoa povu lisiloisha haraka, mimi nikamwambia kunywa maji. Hilo linaniuma mpaka leo. Povu lile lilikuwa linatuambia kitu. Nawaandikia ili na nyie mkiliona kwenu msipuuze, na Kaka, wewe na mimi na Dada wote tuna baba mwenye kisukari, tupimeni sukari, presha na mkojo, usingoje kuumwa, maana figo haziumi mpaka zimefika mbali.

Presha siku ile ilisoma 152 kwa 88, wanataka iwe chini ya 130 kwa 80 ikiwezekana. Damu 11.6, pungufu kidogo, figo zikichoka hiyo hutokea, na daktari kasema upungufu huo unaweza kupotosha HbA1c kidogo, ndo maana anataka tuandike na vipimo vya nyumbani. Potasiamu 4.9, iko sawa ila ukingoni.

Dawa zimebadilika, na hapa naomba mniamini msibishane na daktari kutokea mbali. Metfomini imepunguzwa nusu, kutoka miligramu 2000 kwa siku hadi 1000. Dada uliuliza mbona sukari iko juu halafu wanapunguza dawa. Ni kwa sababu metfomini inatolewa na figo, eGFR ikishuka chini ya 45 wanapunguza dozi, chini ya 30 wanaiacha kabisa. Ameongezewa empagliflozini miligramu 10, hii inafanya sukari itoke kwa mkojo lakini kikubwa inalinda figo zisishuke haraka, na losatani miligramu 50 ya presha ambayo nayo inapunguza ile protini kuvuja. Losatani ikianza kreatinini inaweza kupanda kidogo wiki za mwanzo, na potasiamu pia, kwa hiyo baada ya wiki mbili anarudi kupima damu. Nikiwatumia majibu hayo mkaona kreatinini imesogea, msipaniki, daktari ashatuambia ni kiasi gani cha kuvumilia. Akitapika au kuharisha siku yoyote tunapiga simu kwanza, maana kuna dawa hapo za kusimamisha kwa muda mpaka ale na kunywa vizuri.

Gliklazidi, ile dawa yake nyingine ya sukari, imepunguzwa pia, na hii lazima niwasimulie. Wiki tatu zilizopita jioni nilimkuta amekaa pembeni ya kitanda anafunga vifungo vya shati ambalo lilikuwa limeshafungwa. Anavuta kifungo, anakitafutia tundu, anaanza upya. Mgongo wote umelowa jasho. Namwita Baba, ananiangalia kama hanijui. Nikampima, 3.1. Nikakoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, nikamshikia glasi akanywa, baada ya dakika kumi na tano 5.2, na swali lake la kwanza lilikuwa, "shati langu limefanya nini?" Alikuwa ameruka mlo wa mchana lakini dawa kameza. Figo zikiwa dhaifu dawa kama hiyo inaweza kukaa mwilini muda mrefu, na insulini pia haitoki haraka, ndo sukari inaporomoka. Kwa hiyo daktari hataki tumsukume hadi chini kabisa, anataka HbA1c iende taratibu kwenye 7.5 hivi. Ikiwa baada ya miezi mitatu bado iko juu tutaongea habari ya insulini, na Baba hajakataa.

Kaka, naomba hili ulipokee vizuri, najua ulituma kwa upendo. Zile dawa za maumivu za goti, dikilofenaki na zile nyingine za ibuprofeni, tumezitoa zote ndani. Zilikuwa zinamsaidia kweli, alikuwa anameza mbili kwa siku karibu mwaka mzima, ila zinabana damu inayoingia kwenye figo. Hatuwezi kujua zimechangia kiasi gani, sukari na presha ndo wenye kosa kubwa, kwa hiyo usijilaumu. Sasa anatumia parasetamoli na mazoezi ya goti. Na zile dawa za kusafisha figo ambazo Shangazi umeziona kwenye video, tafadhali usizitume. Kilichoishakuwa kovu kwenye figo hakirudi, hakuna kidonge wala majani ya kukirudisha, na mengine yanaongeza potasiamu au kuumiza figo zaidi. Tunachofanya ni kulinda hiyo 44 ikae miaka mingi. Maji anakunywa ya kawaida kufuata kiu, kunywa ndoo nzima hakusaidii, chumvi ndo tumeipunguza kwelikweli.

Mkitaka kusaidia, nisaidieni na vipande vya kupimia sukari, vinaisha haraka, ila niulizeni kwanza aina maana kila mashine ina vyake. Na mkimpigia simu, jamani, msianze na "umekula nini leo". Jana baada ya simu tatu za namna hiyo alisema bora asingepima. Muulizeni habari zake za kawaida, mengine atawaambia mwenyewe. Ana daftari, anaandika sukari ya asubuhi na presha ya jioni kwa mwandiko wake ule wa kalamu nyekundu, na anaona fahari nalo. Jumapili akiwa kwenye simu mwacheni awasomee.

Sasa ivi yupo sebuleni kajipima, kaniita nimwangalizie kama kafunga mkanda wa mashine vizuri. Kasema niwaandikie, leo 138 kwa 82.

Mdogo wenu